Asilimia zilifika 100.01. Je, aliyeongoza alivuka nusu kweli?

Wino_Mkavu (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Niko Namanga, nina kibanda cha kutengeneza simu, na kijiwe chetu kina Wakenya na Watanzania nusu kwa nusu, kwa hiyo siasa haziishi. Jana kuna mzee alitoa karatasi ya daftari aliyoitunza ndani ya kile kifuko cha plastiki cha kitambulisho tangu Agosti 2022. Kaandika kwa mkono yale matokeo ya urais wa Kenya yaliyosomwa kwenye ukumbi wa Bomas, Nairobi, tarehe 15:

Ruto 7,176,141, asilimia 50.49
Raila 6,942,930, asilimia 48.85
Wajackoyah 61,969, asilimia 0.44
Waihiga Mwaure 31,987, asilimia 0.23

Chini kapiga mstari, kajumlisha asilimia, kapata 100.01. Akauliza, "Chungwa moja mnaligawana watu wanne, vipande vinazidi chungwa?" Kijiwe kizima kimya. Mimi nilijumlisha kwa simu, nikapata hiyo hiyo 100.01.

Sitaki turudie nani aliiba na nani hakuiba, hilo tulishalilia likaisha. Nataka kujua kitu kimoja: watu wanne wakigawana asilimia namna hii, unajuaje kwa uhakika kwamba wa kwanza ana zaidi ya nusu, siyo kwamba amewazidi wenzake tu?

Jiwe_la_Pembeni

Mkuu unajisumbua. Mwenye kura nyingi ndiye mshindi, basi. Huku kwetu Bongo hata mtu akipata 40 na wa pili akapata 39, anaapishwa. Ruto alimwacha Raila kwa kura laki mbili na ushee. Uzi ufungwe.

Wino_Mkavu

Mkuu Jiwe, sijauliza nani aliongoza. Nimeuliza kama alivuka nusu. Kenya usipovuka nusu mnarudi duru ya pili, wawili wa juu.

Karani34A

Jiwe yuko sahihi kwa Tanzania. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2000 ndiyo yaliyoondoa sharti la nusu huko, sasa anayewazidi wengine anatosha. Kwa Kenya, pengo kati ya wa kwanza na wa pili halikwambii chochote kuhusu nusu. Mtu anaweza kumwacha wa pili kwa kura milioni na bado asifike nusu, kwa sababu wa tatu na wa nne wamebeba zao.

Mwalimu_Mkongwe

Ngoja niweke hesabu mezani maana naona watu wanazunguka mbuyu. Asilimia zimezidi kwa 0.01. Kura halali zilikuwa 14,213,027. Zidisha kwa 0.01, unapata kura 142,130 zisizo na mwenyewe. Hata wale makamishna wanne wa tume ya uchaguzi waliojitenga na mwenyekiti wao walisema hivyo hivyo mbele ya kamera siku iliyofuata, kwamba ni kama kura 142,000.

Sasa zitoe kwa aliyeongoza. 7,176,141 toa 142,130 unabaki na 7,034,011. Nusu ya kura zote ni 7,106,513 na kitu. Kwa hiyo hakufika. Hesabu haina chama.

Wino_Mkavu

Eeh! Kumbe yule mzee ana hoja nzito hivyo.

Karani34A

Mwalimu, shikamoo, lakini hapo umeteleza, na umeteleza palepale walipoteleza makamishna. Ukizidisha 14,213,027 kwa 0.01 umepata asilimia MOJA, siyo asilimia 0.01. Asilimia moja ya kura milioni 14 ndiyo hiyo laki moja na arobaini na mbili. Asilimia 0.01 ni sehemu moja ya elfu kumi. Gawanya kwa 10,000: kura 1,421.

Mtoe Ruto hizo 1,421 zote, japo hakuna sababu ya kumtoa yeye peke yake. Anabaki na 7,174,720. Bado yuko juu ya nusu kwa zaidi ya kura 68,000.

Mimi nilikuwa karani kituoni mwaka ule. Kituoni hakuna asilimia. Unamimina sanduku, unainua karatasi moja moja mawakala waone, unazipanga mafungu, unahesabu, unaandika idadi kwenye fomu 34A, mawakala wanatia sahihi. Hakuna mahali pa kuandika asilimia pale tulipokuwa tunajaza sisi. Asilimia zinazaliwa mwishoni, mtu akishika kikokotoo. Kwa hiyo asilimia ikigongana na idadi, idadi ndiyo mama. Huwezi kutoka kwenye asilimia iliyokatwa desimali ukarudi nyuma kudai kuna kura.

Mwalimu_Mkongwe

Marahaba. Nimerudia, umenishika. Ni 1,421. Nimefundisha asilimia miaka ishirini na sita, aibu hii naibeba.

Lakini hujajibu swali la mzee. Hata hiyo 1,421 imetoka wapi? Chungwa ni chungwa.

Karani34A

Haikutoka popote, maana haipo. Wino, una simu mkononi na daftari karibu. Gawa kila idadi kwa 14,213,027 halafu zidisha kwa mia, usikate desimali. Weka hapa ulichopata.

Wino_Mkavu

Imenichukua muda, kuna mteja alileta simu iliyoingia maji. Nimepata hivi:

Ruto 50.48989
Raila 48.84906
Wajackoyah 0.43600
Mwaure 0.22505

Nikijumlisha inakuja 100 kamili. Aisee!

Karani34A

Sasa ziangalie moja moja. 50.48989 ukiiweka kwa desimali mbili inapanda kuwa 50.49. 48.84906 inapanda 48.85. 0.436 inapanda 0.44. 0.22505 inapanda 0.23, tena hiyo imepanda kwa bahati tu, ingepungua kidogo sana ingeshuka 0.22. Wote wanne wamepanda. Kwa kawaida wengine hupanda na wengine hushuka, mwisho wanafidiana. Hapa hakuna aliyeshuka hata mmoja. Waliochangia zaidi kwenye hiyo 0.01 ni wale wawili wadogo: Mwaure karibu nusu yake, Wajackoyah zile nne katika kumi. Ruto kaongezewa 0.00011 tu, kitu kama kura 16 kwa lugha ya asilimia.

Kwa hiyo chungwa la mzee ni lile lile. Kisu ndicho kilichokuwa kinaandika kila kipande ni kikubwa kidogo kuliko kilivyo.

Mwalimu_Mkongwe

Hiyo nitaitumia darasani na jina langu nitalificha.

Jiwe_la_Pembeni

Nakubali nilirukia. Sasa mtu kama mimi nisiyependa desimali nifanyeje? Nikisikia matokeo redioni, wagombea wanane, nitajuaje huyu kavuka nusu?

Karani34A

Acha asilimia kabisa. Chukua kura za waliofuata wote, ziweke kapu moja. Kama wa kwanza peke yake anazidi kapu lote, ana zaidi ya nusu. Kama hazidi, hana, hata kama amemwacha wa pili mbali.

2022: Raila, Wajackoyah na Mwaure jumla yao ni 7,036,886. Ruto 7,176,141. Kalizidi kapu kwa 139,255. Hiyo ndiyo namba ya kubishania, siyo lile pengo la 233,211 dhidi ya Raila.

Kuna kitu watu hukosea hapa pia. Kulizidi kapu kwa 139,255 haimaanishi ziko kura 139,255 juu ya nusu. Juu ya nusu ni nusu yake, 69,627 na kitu. Kura moja ikihama kutoka kwake kwenda kapuni, yeye anapungua moja na kapu linaongezeka moja, kwa hiyo pengo linafyekwa kwa mbili.

Wakili_wa_Mtaani

Mmeongea vizuri ila mmeruka kitu kikubwa kuliko hizo desimali. Nusu ya NINI? Katiba ya Kenya, ibara ya 138(4), inataka zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa katika uchaguzi. Zote. Mtu aliyeamka saa kumi usiku, akapanga foleni, akatumbukiza karatasi, hakupiga kura? Karatasi ikikataliwa kwa sababu alama imegusa majina mawili, bado ilipigwa. 2022 zilikataliwa 113,614. Mkiziacha nje mnampunguzia mshindi mlima.

Na msisahau sharti la pili: robo ya kura katika kaunti angalau 24 kati ya 47. Nusu peke yake haitoshi.

Karani34A

La kaunti sawa, halikuwa na mgogoro.

La kura zilizokataliwa ndilo lililopelekwa Mahakama ya Juu 2013, na halikuwa mchezo. Uhuru Kenyatta alipata 6,173,433. Kura halali 12,221,053, zilizokataliwa 108,975. Tume ilitangaza asilimia 50.07, na hiyo ilikuwa imezihesabu zilizokataliwa humo ndani. Majaji wakasema kura iliyokataliwa si kura kwa hesabu hii, zinazohesabiwa ni halali tu. Ukizitoa, yule yule kwa kura zile zile anakuwa na 50.51. Hakuna aliyemwongezea hata moja, chungwa ndilo limepungua.

Ndiyo maana 2022 ile 50.49 ilitangazwa kwa kura halali tu.

Wakili_wa_Mtaani

Najua walivyosema. Wamesema, wamesema. Lakini kusoma "zote" ukaelewa "halali" ni kulivuta neno. Waganda waliandika wazi kwenye katiba yao, "zaidi ya asilimia hamsini ya kura halali." Wangetaka halali Wakenya wangeandika halali. Siwezi kubadili mawazo kwa sababu ya nyundo.

Karani34A

Hapo sitakushinda wala hutanishinda. Ila fanya jaribio lako mwenyewe: tumbukiza zilizokataliwa kapuni pamoja na wengine.

2022: 7,036,886 ongeza 113,614 ni 7,150,500. Ruto bado anazidi, kwa 25,641. Asilimia inashuka hadi 50.09.
2013: kapu la wengine 6,047,620 ongeza 108,975 ni 6,156,595. Uhuru anazidi kwa 16,838.

Kwa hiyo miaka yote miwili mabishano yako hayabadilishi jibu. Yanabadilisha ukubwa wa pumzi aliyobaki nayo mshindi. Lakini uchaguzi utakaoangukia katikati ya hizo nusu mbili utakuja siku moja, na siku hiyo neno "zote" litakuwa na bei.

Wakili_wa_Mtaani

Hilo nakubali. Na ndiyo siku ninayoiogopa.

BabaWaWengi

Nyinyi vijana mnabishana kwa 50.09 na 50.49. Mwaka 1992 nilipanga foleni Nakuru. Moi alipata kama asilimia 36. Matiba 26 hivi, Kibaki 19, Jaramogi 17. Weka hao watatu kapu moja, uone kama Moi angelizidi! Karibu watu wawili kati ya watatu hawakumtaka, na akaapishwa kihalali kabisa. Sheria ya wakati ule ilimtaka awazidi wengine na apate robo katika mikoa mitano kati ya minane. Nusu haikutajwa. Sharti la nusu lilikuja na katiba ya 2010, na waliolidai walikuwa wanaikumbuka 1992.

Kyela_Mpakani

Mzee umenikumbusha. Mimi nachukua mchele Kyela napeleka Karonga, Malawi, kwa hiyo yao nimeyaona karibu. Mei 2019 Mutharika alitangazwa kwa asilimia 38.57. Chakwera 35.41, Chilima 20.24. Kushinda bila nusu hakukuwa kitu kipya, kwa sababu tangu miaka ya tisini Wamalawi walikuwa wanasoma sheria yao kama Bongo: anayeongoza kashinda. Februari 2020 mahakama ikafuta uchaguzi kwa kasoro zake, zile fomu zilizofutwafutwa kwa wino mweupe, na humohumo ikasema lile neno la wingi kwenye katiba maana yake ni zaidi ya nusu. Katiba ile ile, neno lile lile. Chakwera na Chilima wakaungana, wakarudi Juni wakavuka 58.

Na sikilizeni hii. Tshisekedi wa Kongo, uchaguzi wa Desemba 2018, naye alitangazwa kwa 38.57. Desimali zote mbili sawa! Kongo walikuwa wameshaondoa duru ya pili mwaka 2011. Mmoja alibaki ikulu, mwenzake akaondoka.

Jiwe_la_Pembeni

38.57 mbili? Hiyo kaicheze bahati nasibu.

BintiKisauni

Samahani wakubwa, nimesoma uzi wote kimyakimya. Mimi sina la urais. Tuna chama cha akina mama hapa Kisauni, cha kuweka na kukopeshana. Jumapili tulichagua mwenyekiti. Wagombea wanne: mmoja 30, wa pili 17, wa tatu 9, wa nne 3. Karatasi mbili ziliwekwa pembeni kama zimeharibika. Katibu akapiga kikokotoo, akatangaza asilimia 51, tukapiga vigelegele. Jioni mtu akatuma ujumbe kwenye kundi kwamba hakufika nusu, uchaguzi urudiwe. Sasa watu hawasalimiani.

Nimefanya kama Karani alivyosema. Kapu ni 17, 9 na 3, jumla 29. Yeye 30. Kalizidi. Lakini nikitia zile mbili zilizoharibika kapu linakuwa 31, halizidi tena. Nini sasa?

Karani34A

Dada, hiyo ndiyo siku aliyoiogopa Wakili. Imekuja Kisauni kabla ya kufika Bomas.

Kwanza ile 51 muitupe. 30 kwa 59 ni 50.85, na kwa 61 ni 49.18. Kuandika 51 kumeficha kwamba mko ukingoni. Pili, katiba ya chama inasemaje, neno kwa neno? Usinifasirie, inukuu.

BintiKisauni

"Mshindi atakuwa aliyepata zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa." Basi, hakuna zaidi.

Wakili_wa_Mtaani

Zilizopigwa! Sanduku lilikuwa na karatasi 61. Nusu ni 30 na nusu. Ana 30. Hakuvuka. Rudieni, wawili wa juu.

Karani34A

Na mimi nasema fuateni njia ya Mahakama ya Juu, iliyoharibika si kura. Halali 59, nusu 29 na nusu, kavuka.

Wakili_wa_Mtaani

Mahakama ilikuwa inaisoma katiba ya nchi. Chama cha Kisauni kina katiba yake na mkutano mkuu wake, ndio wenye kusema.

Mwalimu_Mkongwe

Mimi leo nimeshakosea mara moja, naogopa. Ila niulize: hao waliohudhuria walikuwa wangapi?

BintiKisauni

64. Watatu waliondoka kabla ya kupiga, mmoja mtoto wake alikuwa anaumwa.

Mwalimu_Mkongwe

Hao watatu waacheni. Katiba inasema zilizopigwa, haisemi waliohudhuria. Wasije wakaingizwa na mtu mwenye hasira.

Karani34A

Kweli kabisa. Dada, swali la mwisho. Hizo mbili zilizoharibika umeziona kwa macho yako?

BintiKisauni

Nimeziona. Moja tupu kabisa, hata tone la wino hakuna. Ya pili ina alama ya vema kubwa kwenye kisanduku cha yule wa 30, ila mkia wake umeteremka ukagusa mstari wa jina la chini. Katibu akasema imeharibika, msimamizi akanyamaza.

Karani34A

Ngoja. Kituoni tulifundishwa kutazama alama imekaa kwa nani. Vema likisimama ndani ya kisanduku na mkia ukavuka mstari, tulikuwa tunawaonyesha mawakala na mara nyingi wote wanakubali ni ya huyo. Kama ile ni yake, ana 31. Kapu ni 29, na ile tupu ni moja, 30. Hapo kavuka kwa hesabu yangu na ya Wakili pia.

Wakili_wa_Mtaani

Kama ni yake. Sijaiona karatasi.

BintiKisauni

Karatasi iko kwenye sanduku. Funguo ziko tatu, mwekahazina anayo moja, na yeye ndiye yule wa 17.